Miaka 11 mlimani, sasa naitwa usaili kiwandani: nijielezeje?

*Shikamoo mama. Nina miaka 37, naishi Kiboriloni, Moshi. Kwa miaka 11 nimekuwa mwongoza watalii Mlima Kilimanjaro, na sita ya mwisho nimekuwa mkuu wa msafara. Goti la kulia limechoka, daktari ameniambia niachane na miteremko. Kuna kiwanda cha kukoboa kahawa hapa mjini kinatafuta msaidizi wa afisa usalama na afya, na nimeitwa kwenye usaili wiki ijayo. Mwezi uliopita nilifanya usaili wa kazi kama hiyo kwingine. Wakaniuliza, "Umewahi kufanya kazi kiwandani?" Nikasema hapana, ila mlimani nako usalama ni jambo kubwa. Wakatazamana, ikawa basi. Najua kuna ninachokijua kinachofaa, lakini kukisema ndiyo sijui. Nimeambatanisha wasifu wangu na kurasa chache za daftari ninaloandika kila safari.*

*Mwongozaji, Moshi*

Marahaba, mwanangu.

Wasifu wako niliumaliza kwa dakika moja. Daftari nimekaa nalo jioni nzima. Kwenye wasifu umeandika, "Kuongoza watalii na kuhakikisha usalama wao." Maneno hayo angeweza kuyaandika hata dereva wa noa, na msaili akiyasoma hajui alichokifanya mtu huyu. Lakini ukurasa wako wa kambi ya Barafu ungewekwa mezani siku zile nilipokuwa nakaa upande wa wasaili, ningeomba kiti chako kisogezwe karibu.

Ngoja niuandike hapa kama ulivyo, maana jibu lako la wiki ijayo limo humo. Wageni walikuwa sita. Saa 12 jioni, Barafu, mita 4,673, ulipima oksijeni ya kila mmoja. Mgeni wa nne, mwanamume wa miaka 54, alisoma asilimia 71. Pembeni umeandika, "vidole baridi, ameshika kikombe cha chai dakika tano, narudia," halafu ukaandika 78, kichwa kinauma kidogo, amekula. Saa 3 na nusu usiku ulirudi hemani kwake. Ikawa 66, mikono ikiwa na joto, ametapika mara mbili, dawa ya kichwa haikusaidia. Ukamtembeza kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, akayumba hatua ya tatu. Saa 4 usiku alianza kushuka na msaidizi wako mmoja na wapagazi wanne, wale mnaowaita wagumu, akiwa na oksijeni ya chupa. Saa 8 usiku walifika kambi ya Mweka, kama mita 3,100, akasoma 85. Asubuhi alitembea mstari bila kuyumba. Chini kabisa umeandika: "Alikasirika sana. Alisema amelipa. Nimemwambia kilele hakiendi popote."

Sasa tuutazame ukurasa huo kwa jicho la mtu wa usalama kazini. Kwanza, ulikuwa na kipimo, na ulijua kipimo hicho hudanganya lini. Kidole cha baridi hakipitishi damu vizuri, kwa hiyo oksimita husoma chini ya ukweli. Hukumshusha mtu kwa namba mbovu, wala hukuipuuza; ulikitafutia kidole joto ukapima tena. Kiwandani utapewa mita ya kelele, na siku ya kwanza utaona watu wakiishikilia mahali pasipofaa, au wakipima wakati mashine ya kukoboa imesimama kwa matengenezo, kisha wanaandika kwamba ukumbi hauna tatizo. Mtu aliyezoea kujiuliza "je, namba hii ni ya kweli?" ni adimu. Tabia hiyo hukuipata darasani, na kiwandani utaitumia kila siku.

Pili, ulikuwa na mpaka uliowekwa kabla ya tukio. Hukuanza kujadiliana na nafsi yako usiku ule. Kuyumba kwenye mstari, pamoja na kutapika na kichwa kisichosikia dawa, ni dalili ambazo ulishajua zikitokea mtu anashuka, kwa sababu huenda ubongo umeanza kuvimba na dawa kuu ya hapo ni kupoteza kimo. Tatu, ulisimamisha kazi huku aliyelipa anapinga. Hili ndilo wasaili wanalolitafuta bila kujua waliulize vipi. Afisa usalama asiyeweza kumwambia meneja wa uzalishaji "mashine hii izimwe" wakati magari ya kahawa yamepanga foleni getini, hana kazi ya kufanya pale. Wewe umeshafanya, tena usiku, kwenye baridi, mbele ya mtu aliyesafiri nusu ya dunia. Na nne, uliandika: saa, namba, nani alifanya nini, matokeo.

Basi wakikuuliza tena kama umewahi kufanya kazi kiwandani, jibu hapana, halafu usikimbilie kusema usalama ni jambo kubwa. Sema hivi, kwa maneno yako: "Hapana, sijawahi. Nimesimamia timu za watu hadi 30 mahali ambapo mtu anaweza kufa kwa saa chache, na kazi yangu ilikuwa kuona dalili mapema, kupima, kusimamisha kazi kikomo kikivukwa, na kuandika. Naomba niwape mfano mmoja." Kisha uwape Barafu kwa dakika mbili, si zaidi. Usieleze mandhari, usieleze nyota. Anza na saa 12 jioni, malizia na asubuhi.

Hapo ndipo wengi wanaohama fani huishia, na ndipo wanapokosa kazi. Utajuaje kwamba na wewe umeishia hapo? Msaili atasema, "Sawa, lakini huku ni kiwandani." Akisema hivyo, maana yake hadithi yako imempendeza ila hajaona pa kuishika. Lazima umwoneshe mwenyewe mahali mlima na kiwanda vinapofanana, na zaidi ya hapo, mahali vinapoachana, kabla hajakuuliza.

Mahali vinapoachana ni hapa. Mlimani huwezi kuondoa kimo. Mita 5,895 za Uhuru ziko pale pale, baridi iko pale pale. Kwa hiyo silaha zako zote zimekuwa maelekezo na mavazi: pole pole, kunywa maji, vaa glovu mbili, nitakupima jioni. Kwenye fani ya usalama kazini, hizo ni ngazi mbili za mwisho. Ngazi zenyewe ziko tano, na hupandwa kwa mpangilio: kwanza uliza kama kihatarishi kinaweza kuondolewa kabisa, kikishindikana, kibadilishwe na kitu chenye hatari ndogo, kikishindikana, kizuiwe kwa kifaa kilichofungwa kwenye mashine au jengo, baada ya hapo ndipo zije taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa vifaa kinga vya kuvaa. Mwongozaji anayeingia kiwandani ataanza chini, kwa sababu huko ndiko alikoishi. Ataona vumbi la maganda na kusema watu wavae barakoa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa vumbi linatoka wapi, na kwa nini bomba la kulivuta halipo au limetoboka.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimelipitia. Mimi nilikuwa muuguzi. Nilianza kwenye zahanati ya kiwanda, nikifunga vidole vilivyochubuka, na baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa kitengo cha usalama. Miezi ya mwanzo nilitazama kila kitu kwa jicho la muuguzi: mkono ukichubuka, mkono ufunikwe. Vijana waliokuwa wakisafisha karibu na mkanda wa kusafirishia walikuwa na michubuko, nikaagiza glovu nene za kitambaa, nikaona nimefanya jambo jema. Wiki ya pili puli ilikamata ncha ya glovu ya kijana mmoja, na glovu ikavuta mkono. Mwenzake alibonyeza swichi ya dharura haraka, mkono ukapona, lakini kidole cha kati hakikunyooka tena. Kwenye kitu kinachozunguka, glovu ni mtego: ngozi ingechubuka na kuachia, kitambaa hakiachii. Kilichotakiwa kilikuwa wavu wa chuma wa kufunika puli, na sheria kwamba hakuna anayesafisha mpaka umeme umezimwa, swichi imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa anayesafisha. Wavu ule uliwekwa baadaye. Ulichukua nusu siku ya fundi wa kuchomelea. Nimekaa na picha ya kidole kile miaka yote hii, na ndiyo maana sitaki uingie kwenye usaili ukidhani uzoefu wako unatosha kama ulivyo.

Kwa hiyo ongeza sentensi hii baada ya mfano wa Barafu: "Mlimani sikuweza kuondoa hatari, niliweza kuisimamia tu. Najua kiwandani swali la kwanza ni kama inaweza kuondolewa au kufungiwa, na huko ndiko ninakohitaji kujifunza kwa mafundi wenu." Ukisema hivyo, sidhani kama kuna msaili atakayerudia kwamba huku ni kiwandani.

Kuna swali jingine ninaloliona linakuja, na wewe una jibu ambalo watu wengi waliosomea fani hii hawana. Gunia la kahawa safi ni kilo 60. Mtu mmoja pale mezani ataangalia karatasi yako, ataona kwamba mlimani ulikuwa ukisimamia upimaji wa mizigo getini, kilo 20 kwa mpagazi, naye atauliza, "Sisi magunia yetu ni mara tatu. Utafanyaje?"

Mtego uko pande mbili. Ukisema magunia yapunguzwe hadi kilo 20, utaonekana hujui biashara. Kahawa huuzwa na kusafirishwa kwa magunia ya kilo 60, na kiwanda hakibadilishi hilo peke yake. Ukisema utawafundisha vijana kukunja magoti na kunyoosha mgongo, utakuwa umeanza na ngazi ya nne. Kilo 60 zinabaki 60 hata magoti yakikunjwa vizuri. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, kwenye hesabu yake ya kunyanyua mizigo, inaanzia kilo 23, tena hapo mzigo uko karibu na mwili, kimo cha nyonga, bila kupinda kiuno, na mtu hanyanyui mara nyingi. Kila kimojawapo kikiharibika, namba inashuka.

Sasa fikiria kama mkuu wa msafara. Ulipoona mgumu anachechemea, hukuishia kwenye uzito. Uliuliza amebeba kitu gani, kimefungwaje, amekipandisha kutoka wapi, na leo ni siku ya ngapi. Fanya vivyo hivyo na gunia. Waambie ungeomba kwanza kusimama ghalani zamu moja nzima na daftari. Ungehesabu gunia moja linaguswa na mkono wa mtu mara ngapi tangu linaposhonwa mdomo hadi linapoingia kwenye lori. Tuseme umeona mara nne: kutoka kwenye mzani kwenda sakafuni, kutoka sakafuni kwenda kwenye rundo, kutoka kwenye rundo kwenda kwenye kitoroli, kutoka kwenye kitoroli kwenda kwenye lori. Kijana anayeshughulikia magunia 100 kwa zamu atakuwa amenyanyua mara 400. Ukiweka paleti chini ya mzani ili gunia lisiguse sakafu kabisa, na foklifti ikachukua paleti hadi kwenye rundo, umefuta minyanyuo 200 bila kumfundisha mtu yeyote chochote. Namba hizi ni za mfano, usiende kuzitaja kama za kwao. Lakini njia ya kufikiri ndiyo hiyo, na unaweza kuichora kwa kalamu palepale mezani.

Kisha, kwa sababu wewe umebeba, malizia na jambo ambalo hesabu haioneshi. Mgumu mwenye maumivu hasemi, anaogopa safari ijayo hatachukuliwa. Ulijua kwa kumtazama anavyoweka mzigo chini. Kibarua wa ghalani analipwa kwa siku, au kwa idadi ya magunia, naye hasemi vilevile. Waambie ungewatazama saa ya mwisho ya zamu, si ya kwanza. Jambo hili mimi nilichukua miaka kulijua.

Sheria nitaigusa kwa ufupi. Isome Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, hasa wajibu wa mwajiri, wajibu wa mfanyakazi, na wawakilishi wa usalama na afya. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ambao pia wanatoa kozi. Jua pia kwamba mfanyakazi akiumia kazini, fidia inapita kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na taarifa ya ajali isipoandikwa vizuri anayeumia ni yule mfanyakazi. Cheti chako cha huduma ya kwanza ya porini kitaje kama kilivyo, usikiite cha viwandani. Kimekufundisha kumtunza mgonjwa mbali na hospitali, hakikukufundisha kumhudumia aliyemwagikiwa kemikali au kumtoa mtu kwenye umeme. Dawa za kufukizia ghala usizisemee kabisa kama hujafundishwa. Wakiuliza, sema tu kwamba ghala lililofukizwa usingeingia wala kumruhusu mtu kuingia mpaka aliyefukiza apime hewa na kulifungua kwa maandishi. Hilo linatosha kwa msaidizi.

Wasifu uandike upya leo. Mahali pa sentensi ile moja weka nne: kwamba ulisimamia timu za watu hadi 30 katika safari za siku sita hadi nane, kwamba ulipima afya ya wageni na wagumu kila jioni na kuweka kumbukumbu, kwamba ulisimamia upimaji wa mizigo, kikomo kilo 20, na kwamba uliamua na kuratibu kushusha wagonjwa, ukitaja ni wangapi. Hiyo idadi ihesabu kutoka kwenye daftari, usiikadirie. Mimi kwenye kurasa ulizonitumia nimehesabu watatu, na bila shaka kwenye daftari zima ni zaidi. Mwombe mwajiri wako barua inayotaja mambo hayohayo, maana wasaili watampigia simu, na yeye akisema tu "ni kijana mzuri" hajakusaidia.

Jambo moja la nyumbani, uliongee na mkeo kabla ya usaili kama umeoa. Mshahara wa mwezi hauna bakshishi. Msimu mkubwa wa mlima utakapofika, wenzako watashuka na dola mfukoni na wewe utakuwa na kilekile cha Machi. Ni heri mlikubali hilo mapema kuliko kuacha kazi baada ya miezi mitatu na kuwafanya wasaili waseme watu wa mlima hawakai.

Siku ya usaili nenda na daftari lenyewe, lile lililolowa na kukunjika, usilinakili kwenye karatasi safi. Ila usiku wa kuamkia chukua kalamu nyeusi na ufute majina yote ya wageni na namba zao za pasipoti kwenye kurasa utakazowaonesha. Zile ni habari za wagonjwa. Na kama mtu wa mezani akiuliza mbona umefuta, utamweleza kwa nini, na hapo utakuwa umeshaanza kazi.